Mafuta ya ngozi ya kopo kwenye jaketi lililopigwa na jua: uzoefu wangu

Mafuta ninayoyazungumzia ni yale mazito ya rangi ya asali, gramu 200 kwenye kopo la bati, yaliyochanganywa na nta ya nyuki, mafuta ya kwato za ng'ombe na lanolini, yaani mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo. Nimeyatumia mwaka mzima hapa Dar es Salaam kwenye jaketi jeusi la pikipiki, ngozi ya ng'ombe, la mtumba. Kwa ngozi iliyokauka yanafanya kazi vizuri. Kwa ngozi iliyokwisha pasuka hayafanyi chochote, ingawa maandishi ya kwenye kopo yanadai yanarudisha upya.

Kabla ya kununua, hakikisha ulichonacho ni ngozi. Mitumba mingi inayoitwa leza ni reksini, kitambaa kilichopakwa plastiki. Fungua mshono mdogo wa bitana, au chungulia kingo ndani ya mfuko. Ngozi upande wa nyuma ina nyuzinyuzi kama suedi, reksini ina kitambaa kilichofumwa. Reksini ikizeeka haipasuki tu, inabanduka magamba na kukuachia vipande vyeusi shingoni. Hapo hakuna mafuta yatakayoisaidia, okoa hela yako.

Jaribio la pili ni tone la maji. Weka tone moja chini ya kola na subiri dakika moja. Likibaki limesimama, ngozi ina rangi nzito ya juu inayoizuia kunywa, na utahitaji mafuta kidogo mno. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi. Inanyonya haraka, na mafuta yataigeuza rangi. Jaketi langu lilikuwa na yote mawili: mgongoni tone lilisimama, mabegani lilizama, kwa sababu jua lilikuwa limeshakula rangi ya juu pale. Ndiyo maana sipaki kiasi kimoja jaketi zima.

Kusafisha kunatangulia, na hapa ndipo wengi wanapoiharibu ngozi. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina asili ya asidi kidogo, ilhali sabuni ya mche na ya unga ni kali upande wa pili. Inatoa uchafu, inatoa na mafuta yaliyowekwa kiwandani, na ngozi inabaki kama kadibodi. Mimi natumia kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya watoto kwenye maji ya uvuguvugu ya robo lita. Yakoroge mpaka yatoe povu, kisha chovya kitambaa kwenye povu lenyewe, si kwenye maji. Kamua kitambaa mpaka kisidondoshe. Futa kipande kimoja hadi mshono, halafu hamia kingine, maana ukisugua doa moja katikati ya kipande litaacha duara. Kola na mikono ndiyo yenye kazi. Jasho linaacha chumvi, na chumvi ikikauka inaikakamaza ngozi. Rudia hapo mara mbili, kisha pitisha kitambaa kingine chenye maji matupu.

Litundike kwenye henga pana kivulini, penye upepo, zipu ikiwa wazi, kwa saa 24. Usilianike juani hata kama una haraka, wala usitumie drayer ya nywele. Ngozi iliyolowa ikipata joto la ghafla inajikunja na kukakamaa, na haitarudi ilivyokuwa.

Sasa mafuta. Kopo linasema upake kwa wingi. Usiwasikilize. Jaketi la ukubwa wa kati linatosheka na vijiko viwili vya chai kwa mara ya kwanza. Chota kiasi cha punje ya harage, kiyeyushe kati ya vidole, kisha sambaza kwa kitambaa cha pamba kwa mzunguko mdogo mdogo. Ngozi inatakiwa kung'aa kidogo tu, isiteleze. Acha nusu saa, futa yaliyobaki juu, na uliache usiku mzima kwenye henga. Asubuhi bonyeza bega kwa kidole gumba. Likilainika na mikunjo ikinyooka, basi. Likibaki kavu, paka tena mabega na viwiko peke yake. Kwangu mabega yalihitaji mara tatu, mgongo mara moja.

Ukizidisha utajua. Jaketi linanata, linakusanya vumbi la barabarani, na kwa joto la pwani mafuta yanatoka kwenye mishono na kupaka shati. Na huku kwenye unyevu, ngozi iliyoloweshwa mafuta kisha ikafungiwa kwenye mfuko wa plastiki inaota ukungu. Nilifunika langu kwa shuka kuukuu la pamba.

Kasoro mbili za kweli. Kwanza, yanatia giza. Jaketi la rangi ya kahawia hafifu litapanda daraja moja au mawili ya weusi, na jambo hilo limeandikwa kwenye kopo kwa herufi ndogo mno. Jaribu ndani ya pindo na uangalie kesho yake. Pili, nyufa. Penye mstari mweupe uliokwisha kata rangi ya juu, nta inaingia ndani, inaonekana imeziba kwa wiki moja, kisha kiwiko kikikunjwa mstari unarudi. Nyuzi za ngozi zikishakatika hazishonwi na mafuta. Hapo ni kazi ya gundi ya ngozi na rangi, kwa fundi.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la gari: jaketi likiachwa ndani ya gari juani linaharibika? Gari lililofungwa vioo mchana wa jua kali linapata joto la zaidi ya nyuzi 50 ndani ya saa moja, na dashibodi na kile kibao cha nyuma chini ya kioo vinazidi hapo. Joto linakausha unyevu wa ngozi, mafuta yanahama, na nyuzi zinagandana badala ya kuteleza. Jaketi likikunjwa likiwa katika hali hiyo linakatika pale pale pa mkunjo. Ndiyo maana nyufa za gari zinafuata mstari ulionyooka, tofauti na za jua la pikipiki, ambazo zinaanza mabegani kama wavu mwembamba.

Likibaki kwenye gari bila njia nyingine, ligeuze ndani nje, lilaze bila kulikunja kwenye buti, chini ya kitambaa. Buti nayo ni ya moto, lakini haina jua la moja kwa moja. Ukilitoa likiwa moto, lisikunjwe wala kuvaliwa mpaka lipoe kivulini, dakika 20 hivi. Na kama lilishinda humo siku nzima, lipake mafuta kidogo mabegani wiki hiyo hiyo, usingoje zamu ya kawaida. Zamu yangu ni kila baada ya miezi mitatu kwa anayepanda pikipiki kila siku, na miezi sita kwa anayelivaa jioni tu.

Kopo lenyewe nalo lisiachwe kwenye gari. Nta inayeyuka, mafuta mepesi yanapanda juu, na ukilifungua unakuta uji juu na donge chini. Ukikuta hivyo, weka kopo kwenye beseni la maji ya moto, koroga kwa kijiti mpaka yachanganyike, kisha acha yapoe taratibu. Likinuka kama karanga zilizooza, tupa.