Waya au waifai kwa PS4: uzoefu wangu Mji wa Kale

Nachezea eFootball kwenye PS4 ya toleo la kwanza, juu ghorofani katika nyumba ya zamani Mji wa Kale. Ruta iko chini, karibu na mlango wa mbele. Mchana mechi zinakwenda vizuri. Balaa huanza baada ya isha: mpira unachezeka, ghafla wachezaji wote wanaganda, halafu wanatokea mahali pengine na bao limeshafungwa. Ukipima kasi ya intaneti wakati huohuo, namba zinapendeza, na hapo ndipo wengi hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi hakisaidii kitu. Mechi ya mtandaoni hula data kidogo sana. Inachotaka ni pakiti zake zifike kwa wakati, moja baada ya nyingine.

Kabla ya kumlaumu anayekuuzia intaneti, jua kwanza kama ugonjwa uko ndani ya nyumba au nje. Niliweka laptopu juu ya PS4 yenyewe, ikiwa kwenye waifai ileile, nikafungua madirisha mawili ya amri:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaiita ruta yako (anwani yake huwa imebandikwa chini yake, au utaiona ukiandika `ipconfig`, kwenye mstari wa Default Gateway). Ya pili inaita nje. Ruta iliyo humohumo ndani inatakiwa kujibu kwa milisekunde chache. Yangu ilijibu 3, 2, 4, 3, kisha 280, kisha 410, kisha `Request timed out.`, halafu ikarudi 3 kana kwamba hakuna lililotokea. Dirisha la pili liliruka palepale. Basi tatizo lilikuwa kati ya chumba changu na mlango wa mbele. Kama ruta ingejibu kwa utulivu na 8.8.8.8 peke yake ikaruka, hapo ndipo ungewapigia simu watu wa mtandao.

Kwa nini usiku? Waifai ni kama baraza lenye adabu: mmoja akisema, wengine hungoja. Kifaa husikiliza hewa kwanza, kikisikia mwingine anatuma hunyamaza, na pakiti ikiharibika njiani hutumwa tena na tena. Mara nyingi pakiti haijapotea, imechelewa tu, na kwenye mpira kuchelewa ndiko kuganda. Sasa fikiria vichochoro vyetu, dirisha kwa dirisha, kila nyumba na ruta yake, na usiku kila mtu yuko ndani anatazama video. PS4 za mwanzo hushika gigahazi 2.4 pekee, ni zile za Slim na Pro zilizokuja 2016 ndizo zenye gigahazi 5. Nayo gigahazi 5, hata kwa mwenye kifaa chake, huchoka haraka kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe kama hizi.

Nilitia WiFi Analyzer kwenye simu nikatazama nani yuko wapi. Katika gigahazi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ruta yangu ilikuwa imejichagulia 6, pamoja na nusu ya mtaa, tena kwa upana wa megahazi 40, yaani inatandaza mkeka karibu chumba kizima na kugongana na kila mtu. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikashusha upana hadi megahazi 20, nikaifunga kwenye chaneli 1. Jirani mmoja alikuwa kwenye 3, na huyo ndiye mbaya kuliko anayekaa chaneli moja nawe. Wa chaneli moja mnasikilizana na kupeana zamu. Wa 3 hamwelewani, kwenu nyote wawili mwenzake ni kelele tupu. Nilimwambia, akacheka, akahamia 11.

Mruko ukapungua sana, lakini haukuisha. Kulikuwa na mmoja uliokuwa ukija na kukaa kama dakika mbili. Nikaiacha ping ikimbie, nikasikia mama chini anapasha wali wa nazi. Maikrowevu huchemsha kwa mawimbi ya karibu gigahazi 2.45, katikati kabisa ya njia ya waifai, na kidogo huvuja hata ikiwa nzima. Ilipolia kengele, ping ikatulia. Nikamuuliza, "Mama, hiyo haiwezi kungoja?" Akanijibu, "Mpira wako ndio ungoje, mwanangu." Hiyo haina mjadala.

La mwisho lilikuwa nyuma ya PS4 yenyewe: diski ya nje ya USB 3.0 niliyohifadhia magemu. Nyaya na vichwa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye gigahazi 2.4, na kelele hiyo ikiwa sentimita chache tu kutoka antena, ishara dhaifu inamezwa. Niliisogeza mbali kadiri waya wake ulivyofika, na mistari ya waifai ikawa thabiti zaidi. Padi nayo ni Bluetooth, njia hiyohiyo. Ukishuku padi, cheza na kompyuta bila mtandao. Vidole vikichelewa hata hapo, usiilaumu ruta.

Kwa matengenezo hayo waifai ikawa inachezeka. Kwa mechi za kirafiki ningeiacha hivyo. Kwa ligi niliita fundi wa nyaya.

Alikuja na boksi la Cat 6, akakata kwa mita. Kabla hajakata nilimwomba akwangue ncha ya uzi mmoja kwa kisu. Ndani ikawa nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. Hiyo ni rahisi, lakini hukatika ukiikunja na kwenye hewa yetu ya chumvi huoza upesi mahali pa kuungia. Akatoa boksi lingine, wekundu mpaka ndani. Kusema kweli hata Cat 5e ya shaba ingetosha, maana hubeba gigabiti moja hadi mita 100. Kutoboa ukuta wa mawe yale nilikataa. Tuliupandisha waya kwenye ngazi, ukafuata boriti za dari na kushuka pembeni ya mlango wangu. Kila kitu, na kazi yake, ilinitoka chini ya elfu tatu.

Kwenye PS4 nilichagua Use a LAN Cable badala ya Use Wi-Fi, basi. Laptopu niliyochomeka kwenye waya huohuo ikaonyesha `time<1ms` usiku kucha, maikrowevu ikiwaka na kuzimika. Kuganda kule kwa ghafla kumekwisha kabisa.

Usitarajie lakini kwamba namba ya ping ndani ya gemu itaporomoka. Yangu imebaki palepale, kwa sababu ninakounganishwa ni ng'ambo na safari ya chini ya bahari haifupishwi na waya wa chumbani. Mwenye Switch ya kawaida ajue pia kwamba kituo chake hakina tundu la waya, anahitaji adapta ya USB.

Na kuna mruko mmoja ambao waya hauugusi. Ndugu yangu akipandisha video zake, foleni hujaa kwenye ruta na mechi yangu hukaa nyuma yake, waya au bila waya. Hiyo niliitibu kwa kuweka kikomo cha kupakia kwenye simu yake, ndani ya mipangilio ya ruta chini ya QoS, kidogo chini ya uwezo wa laini yetu. Analalamika kwamba video zinachukua muda, lakini anajua namba ya siri ya ruta ninayo mimi.