Uzoefu wangu na akaunti za majaribio za meseji na malipo, baada ya usiku mmoja mbaya Lindi

Natengeneza na kutunza mfumo wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa ufuta hapa Lindi. Mfumo wenyewe ni mdogo. Unapokea kilo za kila mkulima kutoka ghalani, unakokotoa malipo yake baada ya mnada, unamtumia meseji, na unapokea michango ya hisa kwa M-Pesa. Meseji zinapita Africa's Talking. Kwa miezi minane sasa kazi zote za kwenye laptopu yangu zinapita kwenye akaunti za majaribio za huduma hizo mbili, na nataka kueleza zilivyonisaidia na pale ambapo hazitoshi. Kwanza nieleze kwa nini nilihamia huko.

Msimu uliopita, mwezi wa Juni, nilikuwa narekebisha hesabu ya makato. Ili nijaribu kwa takwimu zinazofanana na za kweli, nilishusha nakala ya databesi kutoka kwenye seva, na faili la `.env` lenye funguo za huduma nikalichukua kama lilivyo. Saa tatu usiku nikaendesha zoezi la malipo kwa bei niliyoibuni. Mistari ilianza kukimbia kwenye skrini, na kila mmoja uliandika `Success`. Nilichukua sekunde kadhaa kuelewa kwamba namba zile ni za watu na ufunguo ule ni wa kweli. Nilipokata mtandao, meseji 46 zilikuwa zimekwisha kwenda.

Asubuhi nilimkuta bibi mmoja kibarazani pa ofisi, ametoka Ng'apa kwa bodaboda ya kulipia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanipa simu yake. "Mjukuu wangu, nisomee tena. Imeandikwa nimelipwa laki nne na elfu tatu. Benki wanasema hamna kitu." Meseji ilisema kilo 130, TZS 403,000. Katibu wa chama alitumia siku mbili kupiga simu kwa watu 46. Nauli ya bibi niliirudisha, lakini matumaini aliyolala nayo usiku ule sikuwa na namna ya kuyarudisha.

Nikaanza na upande wa meseji. Ukiingia Africa's Talking kuna kitufe cha `Go To Sandbox App`, na humo ndani unatengeneza ufunguo wake peke yake. Jina la mtumiaji huko ni neno moja kwa kila mtu: `sandbox`. Anwani nayo ni tofauti: majaribio yanakwenda `api.sandbox.africastalking.com`, kazi ya kweli inakwenda `api.africastalking.com`. Meseji haifiki kwenye simu yoyote. Unafungua simu ya bandia kwenye kivinjari, unaiingiza kwa namba uliyoitumia, na meseji inatokea hapo, na lazima iwe namba ile ile. Hili peke yake limenipa utulivu ambao sikuwa nao. Naweza kuendesha zoezi la malipo mara kumi kwa siku na hakuna mkulima anayeshtuka.

Kumbe vitu vinavyotakiwa kuhama ni vitatu kwa pamoja: ufunguo, jina la mtumiaji na anwani. Ukihamisha viwili ukasahau kimoja, unapata jibu la 401, `The supplied authentication is invalid`. Mwanzoni lilinichosha, sasa naliona ni jema, kwa sababu kosa linajitangaza. Makosa ya kuogopa ni yale mawili yasiyojitangaza. La kwanza ni lile langu la Juni, vyote vitatu ni vya kweli lakini viko kwenye laptopu. La pili ni kinyume chake: vyote vitatu ni vya majaribio lakini viko kwenye seva. Hapo mfumo utaandika `Success` siku nzima na hakuna simu hata moja itakayolia kijijini. Dalili yake ni kwamba salio la akaunti ya meseji halishuki hata senti.

Macho hayatoshi kutofautisha funguo hizi. Stripe wameweka alama kwenye ufunguo wenyewe, `sk_test_` kwa majaribio na `sk_live_` kwa kazi, na ningetamani kila huduma ifanye hivyo. Kwa kuwa huku sina alama hiyo, niliandika ukaguzi unaoendeshwa kabla programu haijawaka:

```python
kweli = os.environ.get("MAZINGIRA") == "kweli"
majaribio = os.environ["AT_USERNAME"] == "sandbox"
if kweli == majaribio:
    sys.exit("Funguo na mazingira havilingani")
```

Mistari hii inazuia makosa yote mawili, lakini kwa sharti moja ambalo nilikaribia kulikosa. Nilikuwa nimeiweka `MAZINGIRA=kweli` ndani ya `.env` pamoja na funguo. Fikiria nini kingetokea Juni: ningelinakili faili zima, neno `kweli` lingekuja pamoja na funguo, ukaguzi ungeona vinalingana, na meseji zingekwenda vile vile. Neno linalosema hapa ni wapi halitakiwi kusafiri kwenye mfuko mmoja na funguo. Sasa limeandikwa kwenye seva tu, kwenye faili la huduma la systemd:

```
[Service]
Environment=MAZINGIRA=kweli
```

Laptopu haina mstari huo, kwa hiyo yenyewe ni ya majaribio bila kuambiwa. Nikiweka humo funguo za kweli pamoja na jina la mtumiaji la kweli kwa bahati mbaya, programu inakataa kuwaka.

Nakala ya databesi nayo niliifunga. Kila nikiishusha, amri ya kwanza kabla ya kingine chochote ni hii, na namba inayoingia ni yangu mwenyewe:

```sql
UPDATE wanachama SET simu = :namba_yangu;
```

Hata kama ukaguzi wote ungeshindwa, atakayesumbuliwa usiku ni mimi. Na ile namba ndiyo ninayoifungulia simu ya bandia, kwa hiyo majaribio hayaharibiki.

Upande wa M-Pesa akaunti ya majaribio ya Vodacom ina tabia yake. Tofauti kati ya mchezo na kazi iko katikati ya anwani: `/sandbox/ipg/v2/vodacomTZN/` na `/openapi/ipg/v2/vodacomTZN/`. Ufunguo hauutumi ulivyo. Unausimba kwanza kwa ufunguo wa umma, unaomba ufunguo wa muda uitwao kikao, kisha kikao hicho ndicho unachosimba na kutumia kwenye malipo. Ufunguo wa umma wa majaribio si ule wa kazi, kwa hiyo nao unahesabiwa kwenye vitu vya kuhama pamoja. Mteja wa majaribio ana namba `000000000001`, biashara ina namba `000000`, na malipo yakikubalika unapata `INS-0`. Jambo moja la kukumbuka: kikao kipya kinaweza kuchukua hadi sekunde 30 kabla hakijaanza kufanya kazi. Mimi nilipoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye usimbaji, kumbe nilikuwa nalipia papo hapo baada ya kupewa kikao. Subiri kwanza, na kikao kimoja kitumie tena na tena hadi kiishe muda wake.

Lakini upande huu nina neno. Mteja wa majaribio hana mikono. Mwanachama wa kweli anapata ombi la kuweka namba ya siri akiwa shambani, anatafuta miwani, mtandao unakatika, anaweka baada ya dakika. Mfumo unaweza kupata `INS-9`, yaani muda wa kusubiri umekwisha, na hapo hujui pesa imetoka au haijatoka. Ukituma upya kwa namba mpya ya kumbukumbu, unaweza kumtoza mtu mara mbili. Akaunti ya majaribio yenye mteja anayelipa papo hapo haitakufundisha hili. Kwa hiyo niliandika huduma yangu ndogo ya bandia kwenye laptopu, inayopokea ombi lile lile, inasubiri sekunde 90, kisha inajibu `INS-9`. Nilipouelekeza mfumo huko, niliona mara moja kwamba ulikuwa unaandika "hajalipa" na kumwonyesha karani kitufe cha kutoza tena.

Sasa jibu hilo linaandikwa "haijulikani", kitufe kimefichwa, na mfumo unauliza hali ya muamala kwa namba ya kumbukumbu ya zamani kupitia `queryTransactionStatus` hadi upate jibu. Kwangu mimi hapo ndipo mpaka ulipo. Akaunti ya mtoa huduma ni nzuri kwa kujifunza umbo la ombi na la jibu, lakini ucheleweshaji unabidi uutengeneze mwenyewe.

Urefu wa meseji pia naupima mwenyewe, maana simu ya bandia inaonyesha ujumbe mzima na mkulima anausoma vizuri tu. Ujumbe wa herufi za kawaida unabeba herufi 160. Ikiingia herufi moja nje ya seti hiyo, ujumbe wote unashuka hadi 70, na ukigawanywa kila kipande kinabeba 67. Jina Ng'apa likiandikwa kwa alama iliyopinda (’), ambayo simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe, linatosha kabisa kusababisha hilo. Ujumbe wangu wa herufi 131 uligeuka vipande viwili kwa wakulima wa kijiji kimoja tu, na gharama yao ikawa mara mbili. Sasa programu inabadilisha alama hiyo kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma.

Funguo za zamani nilizifuta na kutengeneza mpya siku ile ile. Nilipoendesha `git log --all -- .env` nikakuta faili hilo liliwahi kuingizwa kwenye hazina ya msimbo mwaka wa kwanza. Kulifuta leo hakuliondoi kwenye historia, na aliyewahi kunakili hazina hiyo anazo funguo, kwa hiyo dawa ni kuzibadilisha. Sasa funguo za kazi ziko kwenye seva tu, kwenye faili ambalo mtumiaji mmoja anaweza kulisoma (`chmod 600`), na mimi mwenyewe sina nakala yake kwenye laptopu.

Kilichobaki nje ya majaribio ni jina la mtumaji. Huko unaweza kujitengenezea jina lolote, lakini kwenye kazi ya kweli lazima liidhinishwe kwanza. Kabla ya mnada wa kwanza mwaka huu nilituma meseji moja kwa simu yangu na moja kwa ya katibu, mitandao miwili tofauti, kisha nikalipa TZS 1,000 ya hisa kutoka mfukoni mwangu. Jina la chama lilitokea vizuri kwenye simu zote mbili, na ile elfu moja katibu aliiona kwenye daftari la mfumo kabla sijampigia.