Gemu ya kupasua mapovu: nakala mbili, ruhusa mbalimbali

Gemu yenyewe ni tamu, hilo silipingi. Unalenga mapovu ya rangi, yakikutana matatu yanayofanana yanapasuka, na kila hatua inaongeza ugumu kidogo. Inafaa sana pale Mokowe ukisubiri boti ijae, na haikatiki hata mtandao ukipotea katikati ya mkondo. Ninachotaka kuandika ni vile vitu ilivyoomba kwenye simu. Gemu hii imepita mikononi mwangu katika nakala mbili zenye ikoni moja na jina moja. Moja niliitoa Play Store. Nyingine ni faili la APK, lile la kuweka programu bila kupitia duka, lililokuwa likitumwa kwa WhatsApp kutoka simu hadi simu, likisifiwa kwamba lina sarafu zisizoisha na halina matangazo.

Mimi ni fundi wa simu hapa Langoni, Lamu. Nakala ya pili aliniletea shangazi yangu ikiwa tayari ndani ya simu yake, baada ya kuwekewa na kijana wa jirani.

"Mwanangu, mapovu na meseji zangu wapi na wapi?" aliniuliza. "Kila nikifungua inataka kuzisoma."

Swali lake ndilo ninalolitumia kupima kila ruhusa: ni kitufe gani ndani ya gemu kinachohitaji kitu hiki? Mgeni wa kahawa anakaribishwa dakani, kwenye baraza la mlangoni, na pale ana kila anachohitaji. Akianza kuuliza njia ya chumba cha ndani, una haki ya kujua anafuata nini huko.

Nianze na nakala ya Play Store. Kabla ya kuipakua nilifungua ukurasa wake, nikabonyeza "About this game", nikashuka mpaka chini kwenye "App permissions". Watu wengi huishia kwenye "Data safety" kwa sababu iko juu na imepangwa vizuri, lakini yale ni maelezo yanayojazwa na mtengenezaji mwenyewe. Orodha ya ruhusa hutoka ndani ya faili la programu. Mtengenezaji akisema hakusanyi chochote kuhusu mahali ulipo, na huku orodha inataja mahali, mimi naiamini orodha.

Ilikuwa na mambo ya kawaida. Kuna intaneti na kuangalia kama mtandao upo, ambazo ni za matangazo. Kuna kutetemesha simu povu linapopasuka, na kuzuia skrini isizime ukiwa unafikiri. Kuna malipo ya ndani ya Play Store kwa anayetaka kununua sarafu, na namba ya matangazo, ile inayoandikwa AD_ID, ambayo kampuni za matangazo hukutambua kwayo. Hizi zote hupita bila simu kukuuliza, na ya intaneti huwezi kuikataa kwenye simu nyingi hata ukitaka. Namba ya matangazo unaweza kuifuta kwenye mipangilio ya Google, sehemu ya "Ads". Mapovu hayadhuriki.

Iliyonikera ni ya mahali. Gemu iliomba kujua eneo nilipo kwa kukadiria, na hakuna ramani wala mashindano ya mtaa ndani yake. Hiyo ni ya matangazo tu: anayejua uko Lamu anaweza kukuuzia kitu cha Lamu. Siiti wizi, lakini haihitajiki. Niliikataa, gemu ikaendelea hatua baada ya hatua bila kununa. Hiyo ni dalili nzuri. Kuanzia Android 6 ruhusa nyeti huulizwa wakati programu inatumika, na gemu iliyotengenezwa kwa adabu hukubali jibu la hapana. Arifa pia niliikataa, kwa sababu sihitaji povu linikumbushe usiku kwamba limenikosa.

Sasa nakala ya WhatsApp. Faili la APK halina ukurasa wa duka, kwa hiyo huna pa kusoma orodha kabla ya kuiweka. Lakini kwa aliye na laptopu yenye vifaa vya watengenezaji wa Android, amri ni moja:

```
aapt dump permissions gemu.apk
```

Nilichokiona, nikiacha zile za kawaida, ni hiki:

```
android.permission.READ_SMS
android.permission.RECEIVE_SMS
android.permission.READ_CONTACTS
android.permission.READ_PHONE_STATE
android.permission.SYSTEM_ALERT_WINDOW
android.permission.REQUEST_INSTALL_PACKAGES
```

Asiye na laptopu anaweza kuona sehemu kubwa ya haya kwenye simu, akibonyeza ikoni kwa muda mrefu, kisha "App info", kisha "Permissions". Kasoro ni kwamba hapo gemu imeshaingia.

Kwa nchi yetu, za meseji ndizo mbaya kuliko zote. Ndani ya meseji za M-Pesa kuna jina la uliyemtumia, kiasi na salio lako. Meseji hizo hizo ndizo zinazoleta namba za kuthibitisha unapoingia kwenye akaunti ya benki au WhatsApp. READ_SMS husoma zilizopo, na RECEIVE_SMS huipokea mpya inapoingia. Tangu 2019 Google inazibana sana ruhusa hizi kwenye Play Store, zikabaki hasa kwa programu za meseji zenyewe na nyingine chache zenye sababu maalum. Gemu ya mapovu haiwezi kupita mlango huo kihalali, na ndiyo maana faili kama hili linatembea kwa WhatsApp.

SYSTEM_ALERT_WINDOW humaanisha programu inaweza kuchora kitu juu ya programu nyingine. Kuna programu zinazoitumia vizuri, kama zile za vidude vya mazungumzo vinavyoelea. Kwa gemu, maana yake ni kwamba siku moja ukifungua programu ya benki, unaweza kuona kisanduku cha namba ya siri ambacho si cha benki. Ile ya REQUEST_INSTALL_PACKAGES huiruhusu gemu kukuletea programu nyingine na kukuomba uiweke.

Kilichonichekesha ni visingizio. Kila ruhusa ilikuja na maelezo yake ya Kiingereza kizuri kwenye skrini. Namba za marafiki ni za kuwaalika, ilisema. Lakini gemu yoyote inaweza kufungua lile dirisha la kushiriki, ukachagua mwenyewe WhatsApp na mtu wa kumtumia, bila yenyewe kuona namba hata moja. Hali ya simu, ilisema, ni ya kusimamisha gemu ukipigiwa. Lakini Android tayari huipa gemu taarifa kwamba imeondoka mbele, na sauti yake hunyamazishwa bila ruhusa yoyote. Nimekutana na nyingine inayoomba faili zote ati ihifadhi hatua ulizofika, ilhali kila programu ina folda yake ya ndani isiyohitaji kuombewa. Hata picha ya mchezaji siku hizi unaweza kuichagua moja tu kwenye dirisha la simu, gemu isizione nyingine. Kisingizio kikiwa na njia nyingine ya wazi isiyohitaji ruhusa, mimi hukichukulia ni uongo mpaka nithibitishiwe.

Halafu kuna lile ambalo orodha haikulionyesha kabisa. Shangazi aliniambia kijana alipomaliza kuweka gemu "alibonyeza kitu kwenye mipangilio ili sarafu ziingie". Nilifungua "Accessibility", sehemu ya programu zilizopakuliwa, nikaikuta gemu imewashwa pale. Huduma hii iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa mfano msomaji wa skrini kwa asiyeona, na kwa kazi hiyo ni lazima iwe na nguvu: huona maandishi yaliyo kwenye skrini, na inaweza kubonyeza kwa niaba yako. Haiombwi kwa ule mstari wa kawaida wa ruhusa, ndiyo maana amri yangu haikuitaja. Unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio, na mlaghai kazi yake ni kukushika mkono mpaka ufike hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa kusoma arifa, ambako meseji nayo huonekana hata kama umekataa ruhusa ya meseji. Kwa hiyo anayetazama "Permissions" peke yake ameona nusu. Nusu ya pili iko kwenye "Accessibility" na kwenye "Special app access".

Simu ya shangazi ni ya zamani, haikumwekea kizuizi chochote. Nilipojaribu faili lile kwenye simu ya majaribio yenye Android 13, kitufe kilikuwa kimefifia na maneno "Restricted setting" yakatokea, kwa kuwa programu ilitoka nje ya duka. Gemu haikukata tamaa. Ilileta picha za hatua kwa hatua za kuondoa kizuizi hicho. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine, ingawa nilifanya jaribio moja rahisi ambalo yeyote anaweza kulifanya. Kwenye simu yenye nakala ya Play Store nilijaribu kuweka ile ya WhatsApp juu yake, simu ikagoma na kusema inagongana na iliyopo. Maana yake jina la ndani ni lile lile lakini sahihi ya mtengenezaji ni nyingine. Mtu alifungua gemu ya wenyewe, akatia vyake, akaifunga upya.

Kuitoa kuna mpangilio. Kwanza nilizima data na Wi-Fi. Kisha nikaizima kwenye "Accessibility", kwa sababu ikiwa bado imewashwa inaweza kubonyeza kurudi nyuma kila unapokaribia kitufe cha kuondoa. Baadaye nikaiondolea ruhusa ya kuchora juu ya nyingine, ndipo nikaifuta. Ingekataa, ningewasha simu kwa "Safe mode", ambamo programu ulizoweka mwenyewe hazifanyi kazi, nikaifutia huko. Namba ya siri ya M-Pesa na ya benki tulizibadilisha baada ya simu kuwa safi, si kabla. Namba za marafiki zilizokwisha kuondoka hazirudi kwa kufuta gemu, na hilo nilimwambia shangazi bila kuficha, ili watu wake wasishangae wakipata ujumbe wa kuombwa pesa kwa jina lake.

"Na mapovu yangu?" akauliza.

Nilimwekea ya Play Store, mahali imekataliwa, arifa zimekataliwa. Naipa nyota tatu kati ya tano. Moja imepotea kwa kuomba mahali bila sababu, na nyingine kwa matangazo, ambayo huja kila baada ya hatua chache na kula bando. Ukizima data kabla ya kuifungua matangazo mengi yanatoweka, isipokuwa zile sarafu za ziada za kutazama tangazo nazo huzipati, na hatua za juu zinakuwa ngumu kweli bila sarafu.