Blichi ya duka moja hapa Mtwara: nyota moja, tena kwa shingo upande

Nina gesti ndogo Shangani, mashuka yote meupe, kwa hiyo blichi natumia sana. Juzijuzi nikachukua chupa kadhaa kwenye duka moja la jumla mjini. Bei nzuri, lebo inameremeta. Mazuri yake yameishia hapo.

Chupa mpya ukizungusha kifuniko unasikia "ka!". Ile pete ya chini imeshikana na kifuniko kwa vijipande vyembamba vya plastiki. Vikikatika, pete inabaki shingoni mwa chupa. Yangu haikulia kabisa. Pete ilitoka pamoja na kifuniko, nikaona imechanwa upande mmoja, na kwenye mchano pana ukungu mweupe, ule unaoachwa na supaglue ikikauka. Yaani mtu kaifungua, kaijaza, kaibandika!

Nikashika lebo. Ukingo umekatwa kwa mkasi, unapanda na kushuka, na kona ilipoinuka chini yake kuna lebo nyingine. Nikageuza kitako: jina lililochomoza kwenye plastiki ni la dawa ya choo. Hapo ndipo nilipochemka. Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na blichi inatoa gesi ya klorini. Dada anayenifulia anainamia beseni hilo!

Nikairudisha. Kijana wa kaunta, bila hata salamu, akanionyesha pembetatu yenye namba 2 kwenye kitako: "Mama, alama ya ubora si hii hapa?" Mdogo wangu, pembetatu hiyo inasema aina ya plastiki tu. Chupa yoyote ya plastiki hiyo inayo, hata iliyookotwa jalalani. Akacheka: "Kama unataka ya kiwandani, panda basi uende Dar." Mbele ya wateja!

Niwe mkweli, blichi kutong'arisha peke yake nisingeilaumu. Kwa joto letu hili, hata ya kiwandani ikikaa rafuni muda mrefu inapoteza nguvu. Pengine hata tajiri wake aliuziwa hivyohivyo. Na hata jina la kwenye plastiki likilingana na lebo, bado si ushahidi, maana chupa halali nayo hujazwa upya. Mimi naangalia pete kwanza.

Sina ugomvi na akina mama wanaouza sabuni ya maji kwenye chupa za maji ya kunywa. Hawajifanyi kiwanda, na ukiuliza wanakwambia wamechanganya wenyewe. Sabuni ya vyombo ya duka hili nayo niliikagua, pete ilikuwa nzima na povu lipo, ndiyo maana nikatoa nyota moja. Lakini nikikumbuka kile kicheko… naifuta. Hata sabuni nitanunua kwingine.