Nyama ya majani au nyama ya pumba? Anza kwa kuangalia mafuta

"Mafuta ya njano hayo, ng'ombe mzee huyo." Jumamosi moja nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya bucha, mama aliyekuwa mbele yangu akasema hivyo akaondoka bila kununua. Muuzaji akamjibu kwa nyuma: "Mama, njano ndiyo malisho yenyewe, huyu kala majani Singida!" Wote wawili walisema kweli, kila mmoja nusu. Ukiijua nusu ya pili, utanunua nyama vizuri zaidi na pesa yako haitapotea.

Njano ya mafuta hutokana na karotini, rangi ileile iliyomo kwenye karoti, ambayo majani mabichi yanayo kwa wingi. Ng'ombe anapokula majani mabichi, sehemu ya karotini huingia kwenye mafuta yake na kubaki humo. Pumba, mashudu na molasi zina karotini kidogo sana. Kwa hiyo ng'ombe akitolewa malishoni akafungiwa zizini kunenepeshwa kwa miezi miwili au mitatu, mafuta mapya meupe hujazana juu ya yale ya zamani na njano inafifia. Mbuzi anakula majani kutwa nzima lakini mafuta yake ni meupe, kwa sababu mwili wake hugeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye mafuta. Ng'ombe hafanyi hivyo kikamilifu, na ndiyo maana mafuta yake hutoa habari.

Ila habari hiyo inapotosha usipojua mambo mawili. La kwanza ni msimu. Nyasi zikikaushwa na jua hupoteza karotini, kwa hiyo ng'ombe wa malisho aliyechinjwa mwishoni mwa kiangazi anaweza kuwa na mafuta meupe, tena machache, ingawa hajawahi kuonja pumba. La pili ni umri na asili yake. Karotini huongezeka mwilini mwaka hadi mwaka, na ng'ombe wa maziwa mwenye damu ya Jezi huwa na mafuta ya njano hata akiwa kijana. Kwa hiyo njano peke yake inaweza kuwa majani mabichi, uzee au damu ya Jezi.

Dawa yake ni kuangalia mfupa. Mwombe muuzaji akuonyeshe uti wa mgongo pale ulipopasuliwa. Kwa ng'ombe kijana mfupa ni mwekundu ndani, una vitundu kama sifongo, na kwenye ncha bado kuna gegedu nyeupe inayokatika kwa kisu. Kwa mzee mfupa ni mweupe na mgumu, na gegedu imeshageuka mfupa. Mafuta ya rangi ya siagi pamoja na mfupa mwekundu: huyo kwa kawaida ni kijana wa malishoni, mchukue. Mafuta ya njano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, pamoja na mfupa mweupe na mnofu wenye nyuzi nene: yule mama wa kwenye foleni alikuwa sahihi.

Ladha

Nyama ya majani ina ladha nzito ya ng'ombe. Mafuta yake yana omega 3 nyingi zaidi kuliko ya ng'ombe wa nafaka (ingawa haifikii samaki, usidanganyike), na yakipata moto hutoa harufu yenye ujani kwa mbali. Waliolelewa na mchuzi wa kienyeji huiita hiyo ndiyo ladha yenyewe. Nyama ya pumba ni laini, na ladha yake ni ya upole inayoelekea kwenye siagi. Mafuta yake huyeyuka mdomoni, lakini ukiichemsha na viungo vingi utashindwa kuitofautisha.

Ukitaka kujihakikishia, nunua kipande cha mafuta ya figo cha ukubwa wa kidole gumba cha ng'ombe wa majani na kingine cha ng'ombe wa pumba. Yakaange kwenye vikaango viwili vikavu kwa moto mdogo, bila chumvi. Harufu itakuambia kabla hata hujaonja.

Ulaini ni jambo jingine, na hapa chakula hubebeshwa lawama isiyo yake. Nyama nyingi ya Dar es Salaam huchinjwa usiku, inafika bucha alfajiri na kuingia sufuriani mchana. Wakati huo misuli bado imekakamaa baada ya kifo, na ukakamavu huo hulegea polepole. Mishkaki ya nyama ya asubuhi itakuwa ngumu hata kama ng'ombe alilishwa asali. Kwa kuchoma au kukaanga, nunua siku mbili kabla na uiweke kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli lililofunikwa bila kubana. Kwa mchuzi na supu haina shida, moto mdogo wa muda mrefu utailainisha.

Bei, na kwa nini kwetu imegeuka

Ukisoma maandishi ya Wamarekani utaambiwa nyama ya majani ndiyo ghali. Kwao ni kweli, kwa sababu karibu ng'ombe wote wanamalizia kwenye mazizi ya nafaka, na anayefugia majani mpaka mwisho anahitaji ardhi kubwa na muda mrefu zaidi. Kwetu ng'ombe wa kawaida wa mnada wa Pugu ametembea malishoni tangu azaliwe. Hapa pumba ndiyo gharama ya nyongeza.

Piga hesabu ya mnenepeshaji. Tuseme ameingiza zizini maksai wa kilo 250, akamweka siku 90, naye akaongezeka wastani wa gramu 700 kwa siku. Hizo ni kilo 63. Kama anakula kilo 7 za mchanganyiko wa pumba, mashudu ya pamba na molasi kila siku, amekula kilo 630. Yaani kila kilo moja ya uzito imegharimu kilo 10 za chakula, na takriban nusu tu ya uzito huo ndiyo itaning'inia bucha, kwa kuwa ngozi, kichwa, kwato na matumbo vinatoka. Mashudu yakipanda bei, nyama yake inapanda pia. Ya malishoni hupanda pale njia zinapoharibika au ukame unapowakondesha ng'ombe.

Sasa hesabu ya kwako. Tuseme bucha linauza mchanganyiko wenye mifupa kwa shilingi 12,000 kwa kilo, steki ya ng'ombe wa malishoni 14,000, na steki ya ng'ombe aliyenenepeshwa 18,000. Kwenye mchanganyiko, ukikuta gramu 300 za mifupa umebaki na mnofu gramu 700, kwa hiyo kilo ya mnofu imekugharimu zaidi ya 17,000. Kwenye ya kunenepeshwa, ukitoa gramu 120 za mafuta ya pembeni, kilo ya mnofu imefika kama 20,500. Steki ya malishoni haina mfupa wala mafuta mengi ya kutoa, inabaki karibu na 14,000 ileile. Ile iliyoonekana rahisi ubaoni imekuwa ghali kuliko steki ya malishoni, isipokuwa kama mifupa unaitaka kwa supu. Mimi huitaka, na mafuta niliyoyakata nayayeyusha kwa kukaangia, lakini ni vizuri kujua unacholipia.

Ninavyozipanga

Ya kwanza kwangu ni ng'ombe kijana wa malishoni aliyechinjwa masika yanapokwisha, kuanzia Mei hadi Julai, wakati nyasi zimeshamnenepesha. Mafuta rangi ya siagi, mfupa mwekundu, mnofu mwekundu ulioiva vizuri. Kwa pilau, mchuzi wa nazi na supu sijaona inayoishinda, na bei yake inafaa. Omba kidari, mbavu, au nundu kama imebaki. Nundu ina mafuta yaliyochanganyika na mnofu, ikichemka taratibu kwa saa moja na nusu inalegea kabisa. Ukichoma steki ya ng'ombe huyu itoe mapema, maana haina mafuta ya kuikinga na moto na dakika tatu za ziada zinaikausha.

Ya pili ni ng'ombe wa malishoni aliyemalizia miezi mitatu ya pumba. Kwa mishkaki na nyama choma naipandisha juu ya ile ya kwanza. Utamtambua kwa tabaka la mafuta meupe mgongoni na mbavuni, lenye unene unaoonekana wazi, lililo gumu likiwa baridi. Usitegemee nyuzi nyingi nyeupe ndani ya mnofu kama kwenye picha za Kijapani. Ng'ombe wetu wa nundu hawezi kufika huko kwa siku 90. Ukihitaji sarara kwa wageni, lipa bei hiyo. Kwa pilau usijisumbue, viungo vitaimeza tofauti yote uliyolipia.

Ya tatu ni ng'ombe wa malishoni wa Oktoba na Novemba, kabla ya mvua. Mafuta machache, yaliyopauka, mnofu mkavu. Si mbaya, ila inahitaji msaada: kijiko cha samli, papai bichi lililosagwa, ulipake nusu saa kabla ya kuchoma, au nazi nzito kwenye mchuzi. Ukiambiwa hii ni ya kunenepeshwa kwa sababu mafuta yake ni meupe, tazama unene wake. Mafuta meupe membamba kama karatasi hayakutokana na pumba.

Ya mwisho ni ng'ombe mzee wa mafuta ya njano iliyokolea, mara nyingi ng'ombe wa maziwa aliyestaafu. Huyu usimchome. Lakini kongoro na mifupa yake hutoa supu nzito yenye ladha ambayo ng'ombe kijana hana, kwa moto mdogo wa saa tatu, na mnofu wake ukisagwa unafaa kwa sambusa na kababu. Kama bei ni sawa na ya kijana, kataa. Ikiwa imepungua walau elfu mbili, chukua.

Kuna moja ambayo siipangi kabisa, iwe ya majani au ya pumba. Ni nyama iliyo nyeusi kuelekea zambarau, kavu juu, inayonata ukiigusa. Mara nyingi huyo ni ng'ombe aliyesafirishwa kwa lori siku nyingi akachinjwa kabla ya kupumzika. Nguvu iliyokuwa kwenye misuli imekwisha, nyama haikupata asidi yake ya kawaida, na inaharibika haraka. Siku hiyo nunua maharage.