Kuona kamera za nyumbani ukiwa mbali: nini ununue, nini ukiache dukani

Shemeji yangu alijenga Ihumwa, kisha kazi ikamhamishia Mbeya. Fundi alikuwa ameshamfungia kamera nne na kinasa chake, NVR, kikachomekwa kwenye rauta ya laini ya 4G. Alipoomba aone kamera kwenye simu akiwa Mbeya, fundi akamwambia alipie IP ya kudumu ili "afunguliwe mlango". Nilimzuia kabla hajatoa hela.

Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye ukurasa wa rauta usome namba iliyoandikwa WAN IP. Ya shemeji ilianzia na 10. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake kampuni ya simu imewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo hata fundi akijaza ukurasa wa Port Forwarding, ule wa kufungua milango, mara kumi, simu iliyoko nje haitafika nyumbani. Rauta nyingi za laini ziko hivyo, ndiyo maana nimepanga chaguo zangu kwa kuanza na zile zisizojali anwani ya nje.

La kwanza: rauta yenye VPN ndani yake

Ninayomnunulia ndugu ni MikroTik hAP ax lite. Ina huduma ya VPN, yaani njia ya faragha kati ya simu na nyumbani, iitwayo Back To Home: rauta yenyewe ndiyo inayotoka nje kutafuta njia, na ikikosa anwani ya wazi inapitia seva ya kati ya MikroTik, data ikiwa imefungwa kwa msimbo kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu. Hakuna mlango unaoachwa wazi kwa wapita njia wa intaneti.

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ukienda maduka ya mjini Dodoma utapewa hAP lite, iliyo rahisi na yenye jina linalofanana kabisa. Hiyo haina Back To Home, kwa sababu huduma hii inataka prosesa za ARM, ARM64 au TILE, na hAP lite ina ya aina nyingine. Soma kwenye boksi: neno "ax" lazima liwepo. Ukikuta hAP ac lite, nayo iache.

Kwa shemeji tulifanya hivi. Waya ulitoka kwenye rauta ya 4G ukaingia tundu la kwanza la MikroTik, NVR ikachomekwa tundu la pili. MikroTik huja na mtandao wa 192.168.88, na nyumba za wageni nyingi zinatumia rauta hizohizo bila kubadili. Ukilala huko, simu itadhani kinasa chako kiko chumba cha jirani. Nikabadilisha kuwa 192.168.47, NVR nikaipa 192.168.47.20 isiyobadilika. Kisha, simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, tukafungua programu ya MikroTik Back To Home, tukaingiza neno la siri la rauta na kuitengenezea simu yake njia. Kwenye programu ya kamera hatukuongeza kifaa kwa kuskani msimbo. Tuliandika anwani 192.168.47.20 na mlango wake. Kwa Hikvision ni 8000, kwa Dahua 37777.

Baada ya hapo nikakizuia kinasa kisitoke nje chenyewe, kwa amri hii kwenye Terminal ya MikroTik:

```
/ip firewall filter add chain=forward action=drop \
  src-address=192.168.47.20 out-interface-list=WAN
```

Sheria hiyo ivute hadi juu ya orodha, la sivyo zile za mwanzo zitaipita. Ina gharama zake mbili. Kinasa hakitapata saa kutoka nje, kwa hiyo washa seva ya NTP ndani ya rauta na ukielekeze huko. Saa ikipotea, picha ya mwizi inaonyesha saa nane mchana wakati aliingia usiku. Pia taarifa za kengele zinazotumwa kwenye simu zitakoma.

Jaribio ni moja. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia bando, VPN ikiwa imezimwa. Kamera zisifunguke. Washa VPN, zifunguke. Zikifunguka VPN ikiwa imezimwa, kuna njia nyingine imeachwa, mara nyingi ni huduma ya wingu ya kinasa ambayo fundi aliiwasha.

Na bando: picha ndogo, ile inayoitwa Sub Stream, ikiwekwa kilobiti 512 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 230 kwa saa kwa kamera moja. Picha kubwa ya megabiti 4 hula takriban gigabaiti 1.8. Unalipa mara mbili, upande wa laini ya nyumbani na upande wa simu yako. Iache kwenye ndogo, kubwa uifungue unapotaka kuona sura.

La pili: kompyuta ndogo yenye Tailscale

Tailscale ni programu ya VPN. Inamfaa mwenye rauta asiyotaka kuibadili na ana Raspberry Pi au kompyuta kuukuu inayowaka muda wote. Inafanya kazi hata nyuma ya anwani ya pamoja. Ukiisakinisha, tangaza mtandao wa nyumbani, kisha uidhinishe njia hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi. Wengi husahau hatua ya pili na kulaumu programu. Zima pia muda wa ufunguo kuisha kwa kompyuta hiyo. Kwa kawaida ni siku 180, na siku ya 181 utakuwa safarini.

La tatu: huduma ya wingu ya kinasa

Hii ni Hik-Connect, DMSS na wenzake. Hununui kitu cha ziada, na kwa anayetaka kengele kwenye simu inatosha. Sharti langu ni kwamba akaunti iwe ya mwenye nyumba. Mafundi wengi husajili kinasa kwenye akaunti yao wenyewe, kisha wanakupa wewe ruhusa ya kuangalia. Maana yake yeye ndiye mwenye nyumba, wewe mgeni. Utajua ukijaribu kukiongeza na programu ikajibu kuwa kifaa kimeshasajiliwa na mtu mwingine. Mwambie akiondoe mbele yako, kisha badilisha neno la siri la admin na lile la msimbo wa uthibitisho. Mlinzi au ndugu mpe ruhusa ya kutazama tu kupitia programu, usimpe admin.

La mwisho: IP ya kudumu na mlango ulio wazi

Usilinunue kwa ajili ya kamera. Septemba 2021 lilitangazwa tundu la usalama liitwalo CVE-2021-36260 kwenye kamera na vinasa kadhaa vya Hikvision: aliyeufikia ukurasa wa kifaa aliweza kukiamuru bila neno la siri lolote. Kwa hiyo neno la siri gumu halikumsaidia aliyekuwa ameuacha mlango wazi. Kubadilisha namba ya mlango nako hakufichi kitu, maana kuna mashine zinazopita intaneti nzima zikigonga kila namba. DMZ ni mbaya zaidi, inaweka kinasa chote uwanjani. Na UPnP izime kwenye rauta na kwenye NVR, kwa sababu hufungua milango bila kumuuliza mtu.

Kama fundi ameshafungua, futa sheria zake kwenye rauta, weka programu mpya ya ndani ya kinasa kutoka kwa mtengenezaji, halafu rudia lile jaribio la kuzima Wi-Fi. Shemeji alilirudia akiwa Mbeya. VPN ilipozimwa simu ikabaki inazungusha duara tu.