Uzoefu wangu na kalorimita ya titresheni: ninavyoisoma n kabla ya Kd

Katika maabara yetu tunatumia kalorimita ya titresheni ya aina ndogo, yenye seli ya mikrolita 200 na sirinji ya mikrolita 40, kupima jinsi molekuli ndogo zinavyoshikamana na protini. Nitaieleza kwa kipimo ninachokifanya kila ninapotaka kujua kama kifaa kiko sawa: kimeng'enya cha kaboniki anhidrasi ya ng'ombe kinakaa ndani ya seli, na kaboksibenzinisulfonamidi, ambayo ndiyo ligandi, inakaa ndani ya sirinji. Jozi hii inafaa kwa kuwa kila molekuli ya kimeng'enya ina zinki moja, na juu ya zinki hiyo hukaa ligandi moja tu, kwa hiyo sehemu ya jibu inajulikana hata kabla ya kuanza.

Kifaa chenyewe hakipimi mshikamano moja kwa moja. Kinachopimwa ni nguvu ya umeme inayohitajika ili seli ya sampuli ibaki na halijoto ileile ya seli jirani yenye maji matupu. Sirinji inapoingiza mikrolita 2 za ligandi na ligandi hiyo ikashika kimeng'enya, joto hutoka, hita hupunguza kazi yake, na kwenye skrini huonekana kilele kinachochongoka kuelekea chini kisha kurudi taratibu kwenye mstari wa msingi. Eneo lililofungwa na kilele hicho ndilo joto la dozi hiyo.

Kwa jozi hii mimi hutumia kimeng'enya cha mikromola 20 na ligandi ya mikromola 200, katika nyuzi 25 za Selsiasi. Kujaza seli huchukua takriban mikrolita 280, sawa na miligramu 0.16 tu za protini, jambo ambalo watumiaji wa vifaa vya zamani vyenye seli kubwa watalifurahia. Dozi ya kwanza huwa ya mikrolita 0.4 na haihesabiwi, kwa sababu ncha ya sindano huwa imekwisha kuvujisha ligandi kidogo wakati kifaa kinasubiri kutulia. Baada yake hufuata dozi 18 za mikrolita 2, kila moja ikiachiwa sekunde 150. Kila dozi hubeba nanomoli 0.4 za ligandi, na kwa kuwa mshikamano huu hutoa takriban kilojuli 42 kwa moli, vilele vya mwanzo huwa na joto la karibu mikrojuli 17 kila kimoja. Nikiona joto dogo kuliko hilo hata kabla kimeng'enya hakijaanza kujaa, naanza kushuku kabla ya kuligusa dirisha la hesabu.

Vilele vya mwanzo hulingana kwa sababu karibu ligandi yote inayoingia hupata kimeng'enya kilicho wazi. Nafasi zinapoanza kujaa, vilele hufupika, na mwishoni hubaki vidogo ambavyo ni joto la kuchanganyika tu. Programu huchora joto la kila dozi kwa moli ya ligandi dhidi ya uwiano wa ligandi na kimeng'enya, na mchoro huwa na umbo la herufi S iliyolala. Kimo cha S ni entalpia, yaani joto la mshikamano kwa kila moli. Mahali inapopinda katikati ni n, yaani ligandi ngapi kwa kila kimeng'enya. Mteremko wake ndio unaotoa Kd, yaani mkusanyiko wa ligandi huru unaojaza nusu ya nafasi: ikiwa ndogo, mshikamano ni mkali. Kwa jozi hii huwa karibu mikromola 1. Kutoka Kd hiyo nishati huru ni takriban kilojuli −34 kwa moli. Ukiilinganisha na entalpia ya −42, unaona kwamba mshikamano umelipa kilojuli 8 za entropia. Hayo yote hutoka katika kipimo kimoja kisichozidi saa moja, ukiacha muda wa kuosha seli, na hilo ndilo linalonifanya nikipende kifaa hiki licha ya uvivu wake.

Watu wengi hukimbilia Kd. Mimi husoma n kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofichua sampuli mbovu. Kimeng'enya kikiwa kimeharibika kwa sehemu ya tano, mchoro utapinda kwenye 0.8 badala ya 1, lakini Kd na entalpia hazitayumba sana, maana zote mbili huhesabiwa kutokana na ligandi. Kosa likiwa kwenye sirinji, mambo hugeuka. Mwenzetu mmoja alileta ligandi iliyotoka kwenye chupa ya zamani, unga wake ukiwa umefyonza unyevu, na n ikasoma 1.25. Kimeng'enya hakiwezi kuwa na nafasi moja na robo. Maana yake ni kwamba sirinji iliyoandikwa mikromola 200 ilikuwa na 160 tu, na hapo kosa halikuishia kwenye n: entalpia ilisomeka −34 badala ya −42, na Kd ikavimba kwa robo ileile. Kupima upya ligandi kwa mwanga wa urujuanimno kulitosha kuyarekebisha yote. Ndiyo maana simshauri mtu aibane n kuwa 1 kwenye programu ili mchoro upendeze. Kufanya hivyo ni kumfunga mdomo shahidi.

Linalochosha zaidi ni bafa. Kimeng'enya nakiacha usiku kucha ndani ya mfuko wa dayalisisi, kisha ligandi naiyeyusha kwa bafa ileile iliyobaki nje ya mfuko. Ligandi iliyohifadhiwa kwenye kiyeyushi cha DMSO kwa milimola 10, ikipunguzwa hadi mikromola 200, hubeba asilimia 2 ya DMSO, na kimeng'enya lazima kiongezewe asilimia 2 hiyohiyo. Usipofanya hivyo utapata vilele vikubwa vinavyofanana mwanzo hadi mwisho, visivyofupika hata nafasi zikijaa, kwa sababu joto la DMSO kuchanganyika na maji hulizidi lile unalolitafuta. Alama hiyo haifichiki, na dawa yake ni kuandaa sampuli upya, si kutoa namba kubwa kutoka kwa namba kubwa. Mstari wa msingi unaorukaruka bila mpangilio ni habari nyingine: mara nyingi ni kiputo cha hewa au mabaki ya protini kwenye kuta za seli, na kipimo cha maji ndani ya maji kitakuonyesha kama uoshaji umetosha.

Kifaa kina mipaka yake. Ukigawa mkusanyiko wa nafasi za kushikia zilizo kwenye seli kwa Kd unapata namba iitwayo c, ambayo kwa kipimo changu ni 20. Kati ya 10 na 100 S huonekana vizuri. Ligandi yenye Kd ya nanomola 1 kwa sampuli hiyohiyo ingeipa c thamani ya 20,000, na S ingegeuka ngazi iliyosimama wima: n na entalpia zingesomeka safi, lakini Kd ingekuwa ya kubahatisha, hata programu ikiiandika kwa desimali tatu. Kupunguza kimeng'enya hadi c ishuke kungefanya vilele vizame kwenye kelele. Kwa ligandi kali za namna hiyo mimi hujaza kwanza kimeng'enya kwa sulfonamidi dhaifu ninayoijua, kisha naiacha ile kali iing'oe, na Kd yake inahesabiwa kutokana na tofauti. Njia hiyo inafanya kazi, ila inakula kimeng'enya maradufu na inahitaji Kd ya ile dhaifu iwe imepimwa kwenye bafa hiyohiyo.